"Tumepokea maombi yako": siku zinaanza kuhesabiwa lini hasa?

Mimi nipo masjala, yani pale barua na fomu zinapoingilia kabla hazijaenda kwa ofisa yeyote, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "nyie mlisema siku 20, leo ya 21, jibu liko wapi?" Mtu anakuja na hasira zake na simu mkononi anakuonyesha meseji, na ukiisoma ile meseji kweli imeandikwa siku 20, ila haijasema siku 20 kuanzia lini. Hapo ndo ugomvi wote unapozaliwa, na mara nyingi kosa ni letu tulioandika, ingawa na yeye angejua kusoma barua ya kupokelewa angeshtuka mapema.

Kwanza tuelewane, kupokelewa na kukamilika ni vitu viwili. Ukileta bahasha nikaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA nikaiandika kwenye rejista, nimethibitisha kitu kimoja tu kwamba karatasi zako ziko ndani ya jengo tangu tarehe fulani. Sijafungua kila ukurasa, sijaangalia kama cheti kinasomeka, wala sijui kama una sifa. Kazi hiyo ni ya dawati la ukaguzi, na wao ndo watasema maombi yamekamilika au yana pengo. Sasa ofisi nyingi muda wa kutoa uamuzi zinauhesabu kuanzia siku maombi yalipokamilika, siyo siku yalipofika. Siyo ujanja wa ofisi moja, hata ule mwongozo wa kisheria wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2006 kuhusu biashara za huduma unasema hivyo hivyo, muda unaanza kutembea nyaraka zote zikishawasilishwa, na unaitaka ofisi imwambie mwombaji kwenye barua ya kupokelewa muda wenyewe ni upi na kama hajaridhika alalamike kwa njia gani.

Ngoja tuhesabu pamoja, maana kwa maneno tu haieleweki.

Chukua mwombaji ametuma fomu yake Ijumaa tarehe 6 Machi, saa kumi na dakika arobaini jioni. Masjala inafunga kupokea saa tisa na nusu. Kwake yeye ametuma tarehe 6, mfumo umemrudishia meseji hapo hapo, amelala vizuri. Kwetu sisi imepokelewa Jumatatu tarehe 9 kwa sababu imeingia baada ya saa za kupokea na katikati kuna wikiendi. Halafu ile siku ya kupokelewa yenyewe kwa kawaida haihesabiwi, siku ya kwanza ni inayofuata, yani Jumanne tarehe 10. Tayari siku nne zimepotea na hakuna mtu aliyechelewesha kitu.

Tuseme dawati la ukaguzi limepewa siku 5 za kazi kuangalia kama maombi yamekamilika. Hizo zinaisha Jumatatu tarehe 16. Alhamisi tarehe 12 ofisa anagundua nakala ya cheti imekatwa upande, ile sehemu ya chini yenye saini na muhuri haionekani (hii ya kupiga picha cheti kwa simu ikakatika chini naiona karibu kila siku). Anamwandikia mwombaji alete nakala nzima, anampa siku 10 za kazi, mwisho Alhamisi tarehe 26. Mwombaji anaileta Jumatano tarehe 18. Siku hiyo ndo maombi yamekamilika, na zile siku 20 za kazi za uamuzi zinaanza Alhamisi tarehe 19. Ukizihesabu bila Jumamosi na Jumapili unaangukia Jumatano tarehe 15 Aprili, hapo hakuna sikukuu, zikiingia sikukuu mbili za katikati ya wiki inasogea mpaka Ijumaa tarehe 17.

Na mwombaji yeye alihesabuje? Alichukua tarehe 6 Machi akajumlisha 20, akapata 26 Machi. Kati ya tarehe yake na yetu kuna siku 20 nzima, karibu wiki tatu za kuamini kwamba kuna mtu amekalia faili lake. Ungekuwa wewe ungekuja mdogo mdogo?

Ndo maana nikiwafundisha vijana wapya wa ofisini nawaambia usiandike "ndani ya siku 20", andika tarehe yenyewe. Na usiahidi tarehe ya uamuzi siku ya kupokea maana huijui, ahidi tarehe ya hatua inayofuata tu, hiyo unaiweza. Barua ya kupokelewa kwa yule mwombaji ingetakiwa iwe hivi:

"Tumepokea maombi yako ya leseni leo Jumatatu 9 Machi, yakiwa na viambatanisho 5: nakala ya kitambulisho, nakala ya cheti, picha 2, na risiti ya malipo. Namba yako ya kumbukumbu ni 0417. Barua hii inathibitisha kupokelewa tu, bado hatujakagua yaliyomo. Ifikapo Jumatatu 16 Machi dawati la ukaguzi litakuandikia kama maombi yamekamilika au kuna kitu kinapungua. Yakiwa yamekamilika, siku 20 za kazi za kutoa uamuzi zitaanza siku inayofuata na tutakutajia tarehe ya mwisho. Kama hujapata neno lolote kufikia Jumanne 17 Machi, wasiliana na dawati la ukaguzi ukitaja namba yako."

Angalia hiyo barua inavyofanya kazi. Viambatanisho vimetajwa kimoja kimoja, kwa hiyo kesho mtu akisema risiti haikuwemo, mwombaji ana karatasi ya kumjibu. Barua inayosema "tumepokea maombi yako pamoja na viambatanisho" bila kusema vingapi na vipi haimsaidii yeyote, karatasi ikidondoka njiani kati ya masjala na dawati hamtajua imedondokea wapi. Tena mwezi umeandikwa kwa neno. Ukiandika 9/3 kuna mtu atasoma tarehe 9 Machi na mwingine atasoma Septemba 3, kutegemea na fomu alizozoea.

Sehemu ya mwisho, ile ya "kama hujapata neno", ofisi nyingi zinairuka na mimi naona ndo yenye thamani kuliko zote. Tukikaa kimya mwombaji hajui kimya chetu kina maana gani. Kuna sehemu kimya kina maana hujachaguliwa, kama nafasi za kazi ambazo waombaji ni wengi mno, na kwenye huo mwongozo wa Ulaya niliousema kuna maombi ambayo kimya mpaka muda kuisha kinahesabika umekubaliwa, na ofisi inatakiwa iseme hivyo tangu mwanzo kwenye barua ya kupokelewa. Na kuna sehemu kimya kina maana imeili yetu imeangukia kwenye spamu. Mambo matatu tofauti kabisa na kwa nje yanafanana, kwa hiyo iandikwe. Ukiandika "utajulishwa" umemwacha mtu kwenye giza, maana hajui na nani, kwa njia gani, wala lini.

Kuna na ile meseji ya otomatiki inayokuja sekunde ileile uliyotuma. Hiyo inasema imeili yako imefika kwenye boksi letu, basi. Hakuna binadamu aliyeigusa, na faili ulilobandika linaweza kuwa halifunguki. Utaitambua kwa sababu haina namba ya kumbukumbu, haitaji viambatanisho, na saa yake ni ileile ya kwako ya kutuma. Mifumo mingine inatoa namba papo hapo, hiyo ni nafuu, ila soma kama imeandikwa "yamewasilishwa" au imeandikwa "yamehifadhiwa", maana kuna watu wanajaza fomu yote wanabonyeza hifadhi wanafunga kompyuta wanasubiri jibu la maombi ambayo hayajawahi kutumwa. Nimewahi kumtafuta mtu kwenye rejista nusu saa nzima, kumbe fomu yake iko kwenye akaunti yake mwenyewe.

Na kwa wanaoleta karatasi mkononi, njoo na nakala mbili. Moja inabaki, ya pili nagonga muhuri naandika na namba unaondoka nayo. Usiondoke hujausoma ule muhuri. Mihuri yetu ya tarehe ni ya kuzungusha kwa kidole, na Jumatatu asubuhi kuna siku mtu anasahau kuizungusha, anagonga barua kumi na tano zina tarehe ya Ijumaa kabla hajashtuka. Kwako inaweza kuonekana ni bahati, umepewa siku za bure, ila rejista inasema Jumatatu na mbele ya safari kutakuwa na mabishano, bora uombe isahihishwe hapo hapo na aliyegonga aweke saini pembeni. Hilo na wino uliokauka unaoacha duara tupu bila tarehe, ukiuona omba ugongewe tena, hatukasiriki.

Tukijua tarehe tuliyoahidi haitafikika, barua ya kusogeza itoke kabla ya hiyo tarehe, ikiwa na tarehe mpya na sababu ya kweli, mfano ofisa wa ukaguzi yuko likizo na faili limehamishiwa kwa mwingine. Mwombaji akipata taarifa siku mbili kabla huwa analalamika kidogo anaelewa, akiipata siku mbili baada ya yeye kupiga simu mara tatu hata ukiandika ukweli haamini. Na pale ofisa anapoomba nyaraka ya ziada ni lazima aseme kwamba siku za uamuzi bado hazijaanza au zimesimama, na zitaanza lini. Barua nyingi za kuomba nyaraka zinasahau sentensi hiyo moja.

Sasa wewe mwombaji ukiona tarehe imepita, usiandike "naomba kujua maombi yangu yamefikia wapi", maana hiyo itajibiwa "yanafanyiwa kazi" na mtakuwa mmerudi palepale. Uliza swali lenye jibu la tarehe, tuseme yule mwombaji wetu hakuandikiwa kitu chochote na dawati: "Habari za kazi. Nafuatilia maombi namba 0417 yaliyopokelewa Jumatatu 9 Machi. Barua yenu ilisema nitajulishwa ifikapo 16 Machi kama yamekamilika, leo tarehe 17 sijapata kitu. Naomba kujua je, yamehesabika kuwa yamekamilika, na kama ndiyo, ni kuanzia tarehe gani?" Ikija na namba na tarehe hivyo, mimi nafungua rejista nafika kwenye mstari wako kwa dakika moja, na ofisa hawezi kukujibu bila kufungua faili.