Ripoti ya wathibiti ubora: watu wanavyodhani na ilivyo

Huku Moshi wathibiti ubora wa shule, wale tuliozoea kuwaita wakaguzi, wakitangazwa tu kwamba wanakuja, walimu wanakesha wakijaza maandalio ya somo, maana wengi wanaamini makaratasi yakiwa safi basi daraja la ufundishaji kwenye ripoti litakuwa zuri. Sio kweli jamani. Azimio la kazi na andalio vinaangaliwa ndio, ila daraja linatokana na kilichoonekana darasani na kwenye madaftari ya watoto.

Tuseme ni shule ya msingi upande wa Kibosho, darasa la tano, kipindi cha hisabati cha dakika 40, mada ni kujumlisha sehemu. Andalio limenyooka, zana zimeandikwa. Mwalimu anafanya mfano mmoja ubaoni, anauliza "tumeelewana?", darasa zima "ndiyooo", halafu wanaojibu ni walewale wa madawati ya mbele. Mthibiti anaenda nyuma anafungua daftari, anakuta 1/2 + 1/3 = 2/5, na tiki nyekundu juu yake! Mtoto kajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, wakati jibu ni 5/6, na mwalimu hajaliona kosa kwa sababu anasahihisha madaftari mengi mno kwa haraka. Hapo andalio haliwezi kuokoa daraja, kwa sababu kosa lilelile likionekana kwenye madaftari kadhaa na madarasa mengine, ni ushahidi kwamba ufundishaji haupimi uelewa.

Wengine wanadhani ripoti ni ya kumchongea mwalimu. Hapana, inaeleza hali ya ufundishaji wa shule nzima, na mapendekezo ya eneo hili la ufundishaji anayepaswa kuyasimamia ni mwalimu mkuu.

Na hapa kwenye mapendekezo ndipo panaponiuma kwa kweli. Watu wanaona pendekezo likishaandikwa kazi imeisha, kumbe "mwalimu mkuu ahakikishe ufundishaji unaboreshwa" halitekelezeki, hakuna anayejua kesho asubuhi aanze na nini. Kwa mfano wetu lingesomeka hivi: mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma wakae darasani kwenye vipindi vya hisabati darasa la nne hadi la sita, kila wiki wachukue madaftari machache ya wanafunzi wa nyuma, wakae na mwalimu husika wayapitie makosa yanayojirudia, na kabla muhula haujaisha watoto wapewe tena maswali ya aina ileile. Hapo mthibiti akirudi anajua afungue daftari lipi, na mwalimu mkuu ana kitu cha kuonyesha.

Ila kama darasa lina watoto mia na mwalimu ni mmoja, ripoti iseme hivyo wazi na pendekezo la kuongeza walimu liende halmashauri, maana mwalimu mkuu haajiri, na kumbebesha mzigo huo ni kumuonea tu.