Daraja la nauli: kwa nini safari ileile ya ndege haina bei moja

Daraja la nauli ni herufi moja iliyomo kwenye tiketi ya ndege, kwa mfano Y, M au Q. Wengi huipita bila kuitazama, ilhali ndiyo iliyoamua kiasi walicholipa. Tusilichanganye na daraja la kuketi, yaani ekonomi au bizinesi. Ndani ya ekonomi peke yake shirika laweza kuwa na madaraja ya nauli kumi au zaidi, na kiti kikawa kilekile. Kinachotofautiana ni bei na masharti: kama unaweza kubadili tarehe, kama utarudishiwa fedha ukighairi safari, na siku ngapi kabla ya kuondoka lazima uwe umeshalipa.

Kwa kawaida nauli ya kila herufi hupangwa mapema. Kinachobadilika mara kwa mara, hata ndani ya siku moja, ni idadi ya viti vilivyofunguliwa kwa kila herufi. Ukiona bei imepanda tangu jana, mara nyingi hakuna aliyeipandisha. Daraja la chini limefungwa nawe umeonyeshwa linalofuata. Wakala wa tiketi huliona jambo hili waziwazi kwenye skrini yake:

```
Y9 M9 Q2
```

Hapo Y na M zina viti tisa au zaidi, kwa kuwa kwa desturi mtambo hauonyeshi zaidi ya 9. Q, iliyo rahisi kuliko zote, imebakiza viwili. Lakini hivyo viwili havikutengwa mahali maalumu ndani ya ndege. Anayelipa nauli ya Y anaweza kuchukua kiti chochote kilichobaki, hata hicho cha mwisho; wa Q ndiye aliyewekewa ukomo.

Ukomo huo unawekwaje? Mwaka 1972, Ken Littlewood wa shirika la ndege la Uingereza, BOAC, alieleza kanuni ambayo mantiki yake ingali msingi wa kazi hii. Tuchukue ndege ya viti 100 na nauli mbili tu: Q ni 100 na Y ni 400, kwa fedha yoyote ile. Wanaotafuta Q hujitokeza mapema. Wa Y huja siku za mwisho, wakiwa na mkutano au msiba usiongoja. Kila mtu wa Q anapofika, shirika hujiuliza: nimuuzie kiti hiki sasa, au nikiweke kwa ajili ya wa Y ambaye huenda asije? Mia moja ni robo ya mia nne. Basi kiti kinawekwa maadamu uwezekano wa kumpata mnunuzi wa Y unazidi asilimia 25. Ukishuka chini ya hapo, ni afadhali kukiuza kwa Q, maana kiti kikiruka kitupu hakiuziki tena.

Sasa sababu ya siku kutofautiana inaonekana. Tuseme kumbukumbu za nyuma zinaonyesha kuwa Ijumaa jioni uwezekano wa kumpata mnunuzi wa 40 wa Y bado unazidi robo, lakini wa 41 hauzidi. Viti 40 vitawekwa, na Q itapewa 60. Jumanne mchana uwezekano huo unakoma kwa mnunuzi wa 15, hivyo Q itapata 85. Ndege ni ileile na njia ni ileile, ila Ijumaa nauli ya chini inakwisha mapema zaidi. Mahesabu haya hurudiwa kadiri tiketi zinavyouzwa. Wanunuzi wa Y wakija wachache kuliko ilivyotarajiwa, au kundi kubwa likiachia nafasi zake, Q hufunguliwa tena na bei ikashuka, hata kama siku ya safari imekaribia. Hilo lisitegemewe sana: nauli ya Q ikiwa na sharti la kulipiwa siku 14 kabla, muda ukishapita haiuzwi hata kukiwa na viti.

Kuna pahali ambapo familia nyingi hupoteza fedha bila kujua, na inaniuma kila ninapoliona. Rudi kwenye ule mstari wa Q2, na tuseme M ni 250. Ukitafuta tiketi nne kwa pamoja, mitambo mingi hutafuta daraja moja linalowatosha wote, nayo Q haiwatoshi. Wote wanne watatozwa M, jumla 1,000. Ukitafuta kwa mtu mmoja na ukaona 100, umekwishajua kilichotokea. Ukikata mbili kwanza kwa Q, kisha mbili kwa M, utalipa 700. Ila hapo mtakuwa na nambari mbili za uhifadhi, na safari ikifutwa shirika laweza kuwahamishia kwenye ndege tofauti. Mwombe wakala aziunganishe kwa maelezo kwenye kumbukumbu zote mbili, na kila tiketi moja ya mtoto iwe pamoja na ya mtu mzima.