Betri ya gari iwashe taa usiku, na asubuhi iwashe gari

Umeme ukikatika, wapo wanaogeuza gari na kuwasha taa kubwa zimulike sebuleni. Balbu mbili za wati 55 zinavuta kama ampea 9, kwa hiyo betri iliyoandikwa 45Ah inakauka ndani ya saa tano, na stata itagoma kabla ya hapo. Betri hii imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha alteneta irudishe. Ukizoea kuikausha, sahani zake za risasi zinakufa mapema.

Tumia taa za LED za volti 12. Mbili za wati 5 kwa saa tano zinakula kama ampea-saa 4 tu. Waya wa chanya uwe na fyuzi ya ampea 3, tena iwe karibu kabisa na kichwa cha betri. Nimeona watu wakiifunga kule kwenye taa. Waya ukichubuka njiani na kugusa bodi, fyuzi hiyo haizuii moto wowote. Unganisha taa kwanza, betri mwisho. Kabla ya kulala zima taa, subiri kidogo, pima volti za betri kwa mita. Ikisoma 12.4 uko salama. Ikishuka hadi 12.2 imebaki nusu hivi, usiwashe tena.

Asubuhi stata ikilia tik-tik tu, itabidi ubusti. Gari la kusaidia liwe la volti 12 pia. Fuso nyingi zina volti 24, na hizo zinaweza kuunguza kontroli boksi yako. Magari yote mawili yazimwe. Waya mwekundu anzia chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Mweusi anzia hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho ibane chuma kitupu cha injini ya gari lililozima, mbali na betri. Hapo ndipo cheche hutokea, na betri hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Soma alama za + na − kwa macho yako, usiamini rangi ya kifuniko: ukigeuza nyaya, daiodi za alteneta zinaungua papo hapo.

Washa gari la kusaidia, liache dakika tano, ndipo upige stata ya lako. Likiwaka, washa feni na hita ya kioo cha nyuma kabla ya kutoa nyaya, zimeze mruko wa volti, kisha toa kwa kuanzia ulikomalizia. Ile ya kuchomoa betri injini ikinguruma ili “kupima alteneta” iacheni, mafundi wenzangu, inaua vifaa. Mita inatosha: kwenye magari mengi isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12, alteneta haichaji, na ukizima gari utabusti tena.