Kinu cha mwanga kinachozunguka kinyume: kwa nini kioo husukumwa mara mbili ya kitu cheusi

Kila tunapofungua maabara kwa wanafunzi wa sekondari, kuna kifaa kimoja kinachowajaza watu mbele ya meza. Ni tufe la kioo lenye ukubwa wa chungwa, limenyonywa hewa karibu yote, na ndani yake vibati vinne vyepesi vimekaa juu ya ncha ya sindano kama pangaboi. Kila kibati kina upande mmoja uliopakwa masizi na mwingine unaong'aa. Kisogeze dirishani penye jua, kinaanza kuzunguka. Kifunike kwa kiganja, kinasimama.

Nikiuliza kinachokizungusha, hakosi kijana mmoja aliyesoma mbele ya wenzake: "Ni mwanga, mwalimu, unavisukuma." Namwomba aangalie tena, safari hii atazame ni upande upi unaorudi nyuma. Anainama, anatazama kwa muda, kisha anakunja uso. Upande mweusi ndio unaokimbia mwanga. Kama mwanga ndio ungekuwa unasukuma, kinu kingepaswa kuzunguka kinyume chake, kwa sababu upande unaong'aa ndio unaosukumwa zaidi, tena mara mbili.

Hiyo "mara mbili" inatoka wapi? Aliyewahi kukandika nyumba ya udongo anaijua kwa mikono yake. Unafinyanga donge, unalirusha kwenye fito, linanata. Ukuta umelizuia donge, basi. Sasa rusha mpira wenye uzito na mwendo uleule, nao ukurudie kwa mwendo uliokwenda nao. Ukuta umefanya kazi mbili: umeusimamisha mpira, kisha umeurusha kurudi. Kila kimoja kati ya hivyo kina gharama yake ya msukumo, na ukuta umeulipa mara mbili.

Mwanga hauna uzito kama donge, lakini unabeba momenta, yaani kile kiasi cha mwendo ambacho kitu hukikabidhi kinapogonga kingine. Kiasi hicho ni nishati ya mwanga ikigawanywa kwa kasi yake, na kasi hiyo, inayoandikwa c, ni karibu mita milioni 300 kwa sekunde. Kwa hiyo mwanga wenye nguvu I kwa kila mita ya mraba, ukipiga wima uso mweusi unaoufyonza wote, unaleta shinikizo la I/c. Uso huo ukiwa kioo kamili kinachourudisha wote ulikotoka, shinikizo ni 2I/c.

Tutie namba. Nje ya angahewa, kwenye umbali wetu kutoka Jua, kila mita ya mraba inapokea takriban wati 1361. Gawanya kwa c: uso mweusi unapata kani ya mikronyutoni 4.5 kwa mita ya mraba, kioo 9.1. Shuka ya kioo ya mita moja kwa moja, basi, inasukumwa na Jua kwa kani ndogo kuliko uzito wa mbu mmoja. Ndiyo maana hujawahi kuuhisi mwanga kifuani, hata saa sita mchana Dodoma.

Wanafunzi makini hunibana hapa kwa swali zuri. Kitu cheusi kinameza nishati yote, kioo hakichukui chochote, inakuwaje kinachonyimwa nishati ndicho kinachosukumwa zaidi? Jibu ni kwamba nishati na momenta huhesabiwa katika madaftari mawili tofauti. Nishati haina upande, ila momenta ina upande. Fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, inayorudi ikiwa na nishati ileile imegeuza uelekeo kabisa, na badiliko hilo la uelekeo ndilo ambalo kioo hulilipia. Pale kioo kinapoanza kukimbia mbele ya mwanga, ndipo fotoni hurudi ikiwa imepungukiwa kidogo, imesogea upande wa wekundu, na kilichopungua ndicho kilichoingia katika mwendo wa kioo.

Turudi kwenye kinu chetu. William Crookes, mkemia Mwingereza, alikitengeneza mwaka 1873, mwaka uleule ambao James Clerk Maxwell alichapisha hesabu zake zilizoonyesha kwamba mwanga lazima usukume. Ilikuwa rahisi kuviunganisha viwili hivyo, na wengi waliviunganisha. Lakini piga hesabu ya kibati cha sentimita moja ya mraba kwenye jua la dirishani, tuseme wati 1000 kwa mita ya mraba. Tofauti ya msukumo kati ya upande wa kioo na ule mweusi inalingana na uzito wa gramu 0.00000003 hivi. Ncha ya sindano peke yake ina msuguano wa kutosha kuimeza tofauti hiyo.

Kinachozungusha kinu ni hewa kidogo iliyobaki ndani. Upande mweusi hupata joto kuliko upande unaong'aa, na kwenye kingo za kibati hewa hutambaa kutoka upande wa baridi kwenda upande wa joto. Ikitambaa hivyo, inakisukuma kibati kwenda kinyume chake, yaani upande mweusi unarudi nyuma. Osborne Reynolds na Maxwell mwenyewe walilifafanua jambo hili mwaka 1879. Maelezo mafupi yanayosikika sana, kwamba molekuli hudunda kwa kasi zaidi upande wenye joto, yana ukweli ndani yake lakini hayatoshi. Katikati ya kibati, hewa iliyopata joto inazuia molekuli nyingine kufika, na hesabu inakaribia kujifuta. Kingo ndizo zinazoamua.

Unawezaje kujua kwamba ni hewa, si mwanga? Uelekeo ni ushahidi wa kwanza. Wa pili ni pampu. Nyonya hewa zaidi na zaidi, kinu kinapungua kasi, hadi kinasimama kabisa huku taa ikiwaka vilevile. Jaza hewa ya kawaida, nacho kinasimama pia, maana hewa nzito inakizuia. Kinapenda ombwe la katikati tu.

Kwa hiyo aliyetaka kupima msukumo halisi wa mwanga alipaswa kwanza kuishinda hewa. Pyotr Lebedev aliifanya kazi hiyo Moscow, akatangaza matokeo yake Paris mwaka 1900 na kuyachapisha mwaka 1901. Aliachana na sindano. Alining'iniza visahani vyembamba vya metali kwa uzi mwembamba sana unaojisokota, ili hata kani ndogo mno ionekane kama mzunguko mdogo. Visahani vilikuwa vyembamba ili pande mbili zisipishane sana joto, na ombwe lake lilikuwa bora kuliko la kinu cha Crookes. Baadhi ya visahani viling'aa, vingine vilitiwa weusi, na vile vinavyong'aa vilisukumwa karibu mara mbili ya vyeusi. Marekani, Ernest Nichols na Gordon Hull walipita njia nyingine: waliacha hewa ndani kwa kiwango ambacho usumbufu wake ni mdogo, kisha wakamulika kwa sekunde chache tu, kabla joto halijapata nafasi ya kuivuruga hewa. Binafsi ujanja huu wa pili unanivutia zaidi. Mwanga husukuma papo hapo, joto huchelewa.

Sasa naomba nikiharibu kidogo kile nilichokijenga, kwa sababu "mara mbili" ni kweli pale tu mwanga unapopiga wima. Inamisha shuka nyeusi kwa nyuzi 60 kutoka pale ilipokuwa inapigwa wima na mwanga. Inakinga nusu tu ya mwanga iliyokuwa inakinga, na msukumo unabaki nusu. Inamisha kioo kiasi hichohicho: nacho kinakinga nusu, lakini pia kati ya momenta ya kila fotoni ni ile sehemu inayokiparamia kioo wima tu ndiyo inayogeuzwa, nayo ni nusu. Mbili mara nusu mara nusu ni nusu. Kwenye nyuzi 60, kioo na shuka nyeusi husukumwa sawasawa! Ukizidi hapo, cheusi ndicho kinachoongoza.

Kinachotofautiana bado ni uelekeo. Shuka nyeusi husukumwa daima kule mwanga unakoenda, uiinamishe upendavyo. Kioo husukumwa wima kutoka usoni mwake. Hii ndiyo sababu tanga la jua, yaani chombo cha angani kinachosafiri kwa msukumo wa mwanga, lazima liwe kioo hata kama weusi ungetosha kwa nguvu. Tanga jeusi lingejua njia moja tu, kuliacha Jua. Tanga la kioo ukiliinamisha vizuri linapunguza mwendo wa chombo katika mzingo wake, na chombo kinaanza kushuka taratibu kulielekea Jua. Ni kama nahodha wa jahazi anayebisha dhidi ya upepo, ila yeye anaegemea mkuku majini, na tanga la jua linaegemea mvuto wa Jua.

Japani walilijaribu jambo hili kweli. Chombo IKAROS kilirushwa Mei 2010 kikiwa na tanga la mraba la mita 14 kwa 14, unene wake mikromita 7.5 tu. Eneo lake ni kama mita za mraba 196. Kwa namba zetu za juu, tanga jeusi la ukubwa huo lingesukumwa kwa milinyutoni 0.89, na kioo kamili 1.78. Kilichopimwa ni 1.12. Kimeangukia kati, na haishangazi: sehemu ya tanga ilifunikwa na seli za sola zinazofyonza mwanga, na hakuna utando mwembamba hivyo unaokaa bapa na kurudisha kila fotoni. Chombo kilikuwa na uzito wa kilo 310 hivi, kwa hiyo kani hiyo ingekiongezea mwendo wa takriban sentimita 30 kwa sekunde kila siku inayopita.

Kuna jambo jingine la kuangalia unapotumia neno "mweusi" angani. Kitu cheusi hakimezi nishati milele. Hupata joto, kisha huitoa kama miali isiyoonekana, na miali hiyo nayo husukuma. Shuka nyembamba ikitoa joto sawa pande zote mbili, misukumo hiyo hufutana na I/c inabaki. Lakini mgongo wake ukizibwa ili joto litoke usoni tu, inaongezeka theluthi mbili, na jumla inakuwa karibu 1.67 ya I/c. Karatasi nyeupe kamili, inayorudisha mwanga wote lakini kwa kuutawanya kila upande, hufika palepale 1.67.

IKAROS ilitumia pengo hilo kati ya 1.67 na 2 kujigeuza. Kwenye kingo za tanga kulikuwa na vipande vyembamba vya fuwele kimiminika, jamii ya ile iliyo kwenye vioo vya saa za kidijitali. Vikipewa umeme vinarudisha mwanga kama kioo. Umeme ukikatwa, vinautawanya kama karatasi nyeupe. Washa vya ukingo mmoja, zima vya ukingo wa pili, na Jua linausukuma ukingo mmoja kidogo zaidi ya mwingine. Chombo kizima kinaanza kugeuka, bila tone la mafuta.