Prompti ya kwanza ya renda ya sebule: chumba, vifaa, mwanga, kamera

Prompti ni maandishi unayoipa programu ya akili unde ili ikutengenezee picha. Ukiiandika kwa ajili ya renda ya sebule, yaani picha ya sebule ambayo bado haijapangwa au haijajengwa, maandishi hayo ndiyo yote programu iliyo nayo. Haijaona ramani, haijafika kwenye nyumba, haijaongea na mwenye nyumba. Usichokitaja itakijaza yenyewe, na itakijaza kwa kile ilichokiona mara nyingi zaidi katika picha ilizofundishwa nazo. Nyingi ya picha hizo hazikupigwa Mtwara.

Chukua fundi samani wa Shangani anayetaka kumwonyesha mteja wake sebule yenye dirisha kubwa linalotazama mashariki, upande wa bahari. Anaandika hivi:

```
sebule nzuri ya kisasa, mwanga mzuri, ubora wa juu
```

Inatoka sebule yenye mahali pa kuotea moto, zulia zito la manyoya na misonobari nje ya dirisha. Mteja akiuliza, "Fundi, kwa joto hili nani anaota moto sebuleni?" ana haki kabisa. Neno "nzuri" halina umbo, halina rangi, halina upande. Programu imelipokea na kurudisha sebule ya wastani wa dunia yake.

Mpangilio ninaoutetea kwa prompti ya kwanza ni huu: chumba, kisha vifaa, yaani mbao, kitambaa, saruji na vingine ambavyo vitu vimetengenezwa navyo, kisha mwanga, kisha kamera. Kila kimoja kinakiegemea kilichotangulia. Kifaa lazima kiwe juu ya kitu fulani, mwanga lazima uwe na pa kuingilia na pa kuangukia, na kamera lazima iwe na cha kutazama. Ipo pia sababu ya kiufundi. Matoleo ya mwanzo ya Stable Diffusion, mojawapo ya programu hizi za picha, yalisoma vipande 77 tu vya maneno kwa mara moja, viwili vikiwa alama za mwanzo na mwisho, na yaliyozidi yaliweza kukatwa. Neno refu la Kiswahili huvunjwa vipande kadhaa, kwa hiyo nafasi hujaa mapema. Programu za sasa husoma maandishi marefu zaidi na nyingi zinaelewa Kiswahili, lakini kutanguliza jambo kubwa bado kunasaidia. Ukiona programu yako inaelewa Kiingereza zaidi, tafsiri prompti yako bila kuvuruga mpangilio huo.

Kwenye chumba, taja aina yake, mahali kilipo na dirisha liko ukuta gani. Vipimo vya mita vina msaada mdogo, kwa sababu programu hizi hazipimi. Ukiandika mita 4 kwa 5 unaweza kupewa ukumbi. Ni afadhali kueleza ukubwa kwa vilivyomo: kochi moja la watu watatu, viti viwili, na nafasi ya mtu mmoja kupita katikati.

Vifaa ndivyo vinavyowasumbua wengi. Ukiorodhesha rangi na vifaa upande mmoja na vitu upande mwingine, vitachanganyikana: kijani ulichokikusudia kwa mito kitahamia ukutani, na mbao ya meza itapanda darini. Dawa yake ni kukifunga kila kifaa na kitu chake papo hapo: "meza ya mbao", "sakafu ya saruji iliyosuguliwa", "mkeka wa ukindu". Vinne au vitano vinatosha kwa mara ya kwanza. Kisha kuna majina ya kwetu. Mninga fundi anaujua kwa harufu, ila programu huenda haiujui kabisa, na ikikutana na jina isilolijua itabahatisha. Andika kinachoonekana: mbao ya kahawia inayoelekea wekundu, mishipa inayoonekana, imepakwa vanishi isiyong'aa sana. Usitegemee pia neno "bila". Ukiandika "bila mahali pa moto", programu nyingi hulishika "mahali pa moto" na kukuletea hichohicho. Kama programu ina sehemu ya vitu visivyotakiwa, viandike humo. Kama haina, sema ukuta ule una nini: rafu ya vitabu, au picha moja iliyotundikwa.

Mwanga una mambo matatu: unatoka wapi, ni wakati gani, na ni mkali au laini. Dirisha la fundi wetu linatazama mashariki, kwa hiyo jua la moja kwa moja huingia asubuhi tu, likiwa bado chini, na kulaza kipande kirefu cha mwanga sakafuni. Saa sita mchana jua liko juu ya paa na chumba kinapata mwanga uliotawanyika tu. Akiomba jua kali la jioni kupitia dirisha hilo, ataonyesha mteja sebule ambayo hataiona kamwe nyumbani kwake. Andika "asubuhi mapema" na uache kutaja saa, maana "saa mbili" programu inaweza kuihesabu kwa saa ya Kizungu na kukupa mchana.

Kamera inakuja mwisho, na ni fupi: imesimama wapi, kwa kimo gani, lenzi gani. Programu haikokotoi lenzi kama kamera ya kweli. Imejifunza tu kwamba picha zilizoandikwa milimita 24 zinaonekana hivi na za 50 zinaonekana vile. Milimita 24 huonyesha sehemu kubwa ya sebule. Ukishuka chini ya 20, viti vya pembeni huanza kuvutika na chumba kidogo kuonekana ukumbi. Usiielekeze kamera dirishani huku ukiomba chumba chenye mwanga sawa, kwani amri hizo mbili zinapingana. Dirisha likiwa kando, vivuli hulala vizuri na umbo la samani huonekana.

Sasa prompti ya fundi inakuwa hivi:

```
Sebule ya nyumba ya pwani kusini mwa Tanzania, ndogo,
dirisha kubwa ukuta wa kushoto, kochi la watu watatu na viti viwili.
Fremu za viti za mbao ya kahawia-nyekundu, mito ya kitambaa cheupe,
sakafu ya saruji iliyosuguliwa, mkeka wa ukindu, ukuta wa chokaa nyeupe.
Jua la asubuhi mapema kutoka dirisha la kushoto, vivuli laini.
Kamera kimo cha mtu aliyeketi, lenzi ya milimita 24, mistari ya wima imenyooka.
```

Picha ikitoka, ikague kwa mpangilio uleule. Dirisha lisipokuwa kushoto, usihangaike na vivuli kwanza, rekebisha mstari wa chumba. Kama chumba ni sawa, tazama kivuli cha kiti: jua likiingia kushoto, kivuli lazima kilale kulia. Kikielekea dirishani, programu imeongeza taa yake mahali fulani, na mstari wa mwanga unahitaji kusemwa wazi zaidi. Badilisha mstari mmoja kwa wakati, na kama programu inaruhusu, iache namba ya `seed`, yaani namba ambayo picha huanzia, vilevile, vinginevyo kila picha itaanza upya na hutajua ni neno gani lililoleta badiliko.

Renda hiyo inamfaa mteja kuchagua rangi ya mbao, kitambaa na upande wa kuweka kochi. Haimfai fundi kukatia mbao, kwa sababu mguu wa kiti kwenye picha hauna kipimo nyuma yake, na mara nyingine viti viwili vilivyoandikwa kuwa sawa hutoka na urefu tofauti wa mgongo. Vipimo vinachukuliwa kwa futi kamba ndani ya sebule yenyewe.