Muda mfu wa oveni si polepole yake

Nasikia mafundi wakisema "oveni hii ina muda mfu mrefu" kwa maana kwamba inachelewa kufika joto linalotakiwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ukiyachanganya hutaweza kukiweka sawa kidhibiti chake cha joto.

Oveni ya umeme huelezwa kwa namba tatu. K ni nyuzi ngapi joto hupanda kwa kila asilimia moja ya nguvu unayoongeza. L, muda mfu, ni kipindi ambacho umeongeza nguvu na kipimajoto bado hakijasogea. T, konstanti ya muda, huhesabiwa baada ya L kuisha: ni muda wa kukamilisha 63.2% ya safari nzima ya joto. Si muda wa kufika mwisho. Kufika 98% huchukua T nne.

Chukua oveni ndogo ya maabara iliyotulia kwenye 120°C kwa nguvu ya 30%. Pandisha nguvu hadi 40% kwa mara moja, usiiguse wala usifungue mlango, uandike joto kila nusu dakika. Tuseme inatulia kwenye 170°C. Imepanda nyuzi 50 kwa asilimia 10, kwa hiyo K ni 5. Sasa tafuta lini ilipita 28.3% ya zile nyuzi 50, yaani 134.2°C, na lini ilipita 63.2%, yaani 151.6°C. Ikiwa ni dakika 5.5 na 13.5 tangu upandishe nguvu:

```
T = 1.5 * (t63 - t28) = 12
L = t63 - T = 1.5
```

Oveni hii ni ya polepole, lakini muda wake mfu ni dakika moja na nusu tu. Polepole hiyo unaweza kuipunguza kwa kuongeza nguvu mwanzoni. Muda mfu hauupunguzi kwa nguvu yoyote, na ndani yake kidhibiti kinaamua bila kuona matokeo ya uamuzi wake uliopita. Katika kanuni ya wahandisi Ziegler na Nichols ya 1942 ya kuweka sawa vidhibiti, gaini ya kidhibiti, yaani ukali wake wa kuitikia tofauti ya joto, hugawanywa kwa L. Ukiweka 13.5 mahali pa 1.5, gaini inashuka mara tisa na oveni inajikokota bila sababu.

Kwenye oveni, L hiyo kwa kiasi kikubwa ni jumla ya vichelewesho vidogo: waya wa joto kupata moto, kisha ganda lake, kisha hewa, kisha ala ya kipimajoto. Ndiyo maana ukibadilisha ala nyembamba kwa nene, L inakua hata kama oveni ni ileile.

Umeme ukishuka katikati ya jaribio, rudia. Volti zikipungua kwa 10%, nguvu ya waya hupungua kwa 19%, na K utakayopata itakuwa ndogo kuliko ya kweli.

Basi oveni ikichukua karibu saa nzima kutulia, sema T yake ni kubwa. Muda mfu usiutaje mpaka uwe umeupima.