Ukaguzi wa chapa hauanzii kwenye nembo

Kila muhula ukikaribia kwisha, wanafunzi wa masoko hapa Mtwara huniletea kazi zao nizipitie kabla ya kukabidhi. Kwenye jalada pameandikwa "Ukaguzi wa Chapa". Ukifungua ndani, kurasa nne zinaeleza kwamba kijani cha nembo ni kilimo na njano ni jua, linafuata jedwali la nguvu na udhaifu, halafu pendekezo kwamba kampuni iongeze matangazo Instagram. Ya juzi ilinichosha kabisa. Hakuna mteja aliyeulizwa, wala pakiti iliyonunuliwa. Hapo nembo imesifiwa, lakini chapa haijakaguliwa.

Kevin Lane Keller, ambaye mafundisho yake ndiyo yanayotumika sana katika somo hili, aliugawa ukaguzi mafungu mawili. La kwanza ni kuorodhesha kila kitu ambacho mwenye chapa amekiweka sokoni: jina, nembo, pakiti, bei, ahadi, matangazo. La pili ni kuchunguza wanunuzi wana nini vichwani mwao kuhusu chapa hiyo. Kazi nyingi zinaishia nusu ya fungu la kwanza. Alama ziko kwenye pengo kati ya hayo mawili.

Tuchukue mfano wa kutunga ila wa hapa hapa: kikundi cha akina mama kinachobangua na kukaanga korosho, kinazifunga kwenye pakiti zenye jina lake na kuziuza madukani, sokoni na stendi.

Anza na mwenye chapa. Muulize kiongozi wa kikundi anataka mnunuzi akumbuke nini akiliona jina lao, na uandike maneno yake kama alivyoyasema. Tuseme amejibu: "Korosho zetu ni nzima, nyeupe, na mbichi zake tunazichagua kwa mkono." Hiyo ndiyo ahadi, na ukaguzi wote utapimwa kwayo. Muombe pia akuonyeshe vyeti. Wengi watakuonyesha cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, wakiamini kwamba jina la kwenye pakiti limeshalindwa. Sivyo. Alama ya biashara inasajiliwa peke yake, kwa miaka 7 ya kwanza, kisha inahuishwa kila baada ya miaka 10, na usajili huo ni wa Tanzania Bara tu. Zanzibar wana usajili wao. Kama kikundi hakina, umeshapata tokeo moja zito.

Kisha nenda ukanunue. Usikubali pakiti za zawadi kutoka kwa kikundi, kwa sababu utapewa zilizokaangwa jana. Nunua kwenye maduka tofauti, na kila pakiti uipige picha na kuiandikia mahali, tarehe, bei na tarehe ya kuisha muda. Zipange mezani pamoja. Mara nyingi utaona kijani cha lebo hakifanani, kwa kuwa kila mzigo umechapishwa steshenari nyingine. Fungua, nusa, tafuna. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na korosho ina mafuta mengi. Nailoni ikiwa nyembamba au mfungo ukiwa umeachia, korosho inalegea kisha inachacha. Ukikuta pakiti iliyokaa dukani muda mrefu ina harufu ya mafuta yaliyochacha ilhali tarehe yake haijafika, hilo ni jambo la chapa kuliko rangi yoyote ya nembo. Mnunuzi yule ameshaunganisha jina na harufu ile.

Sasa wanunuzi, na hapa ndipo naomba nisikilizwe vizuri, maana ndipo kazi zinapoharibikia. Mwanafunzi anatoa pakiti mfukoni, anamwonyesha mtu, anamuuliza: "Unaifahamu chapa hii? Unaionaje?" Mtu anajibu: "Naifahamu, nzuri tu." Kwenye ripoti inaandikwa kwamba chapa inafahamika sana. Hakuna kilichopimwa hapo zaidi ya adabu ya watu wa Mtwara. Mama wa makamo hawezi kumwambia kijana wa chuo, tena aliyemwamkia "shikamoo", kwamba korosho za akina mama wenzake zinanuka.

Mpangilio wa maswali ndio unaookoa. Anza bila kuonyesha chochote: "Mara ya mwisho kununua korosho ilikuwa lini, na ulinunua za nani?" Halafu: "Ukitajiwa korosho za pakiti, jina gani linakujia kwanza?" Baada ya hapo ndipo utaje majina matatu au manne, la kikundi likiwa katikati, uulize yapi ameshawahi kuyasikia. Pakiti inatoka mwisho kabisa, na swali lake liwe "Hii ungempelekea nani?" badala ya "Unaipenda?" Akikwambia angempelekea mgeni wa Dar, umejua anaiona zawadi. Akisema ya watoto wakitoka shule, hiyo ni habari nyingine kabisa. Kukumbuka jina bila msaada na kulitambua ukitajiwa ni vipimo viwili. Ukivichanganya, matokeo hayana maana.

Ushahidi ninaouamini kuliko mahojiano unapatikana dukani. Muombe mwenye duka ruhusa, kaa pembeni saa moja, usikilize watu wanavyoagiza. Andika mistari mitatu: walioagiza kwa jina, walioagiza "korosho za buku" bila kujali za nani, na walionyooshea kidole pakiti. Kama karibu wote wanaangukia mstari wa pili, jina halifanyi kazi dukani hapo, hata kama ukurasa wa Instagram una wafuasi wengi. Kumbuka pia kwamba mshindani mkubwa huenda hana jina kabisa: ni mchuuzi wa stendi mwenye korosho kwenye mfuko mweupe, anayekuonjesha kabla hujalipa. Kazi inayolinganisha kikundi na kampuni kubwa za pakiti peke yake imemwacha mpinzani halisi nje.

Sitaficha mashaka yangu. Watu 30 uliowakuta sokoni na stendi hawatoshi kuusemea mji. Kwa hiyo usiandike "asilimia 23.3 ya wateja", andika "watu 7 kati ya 30 niliowahoji". Pia sijawahi kuridhika na njia yoyote ya kutenganisha upendo kwa chapa na upendo kwa korosho ya nyumbani. Mtu wa Newala atazisifu korosho za Kusini zote. Kumuuliza kuhusu kununua kwake kwa mara ya mwisho kunapunguza tatizo hilo, hakuliondoi.

Kuwasilisha ni kwepesi ukiwa na ushahidi. Usisimulie ulikoanza na ulikopita. Fungua kwa matokeo matatu, kila moja kwenye ukurasa wake. Juu weka kauli: "Kikundi kinaahidi korosho nzima, pakiti za madukani zina vipande vingi." Chini yake picha ya pakiti na namba yake ya kiambatisho, kisha maneno ya mnunuzi mmoja bila jina lake, kisha maana yake kwa kikundi, kisha pendekezo ambalo kikundi kinalimudu. Kubadili nailoni na kukagua mfungo wanaweza mwezi huu. "Kuongeza matangazo" hakuponyi harufu. Kunawaita wengi zaidi waje wainuse.

Picha zote, karatasi ya mistari ya dukani na majibu ya mahojiano viende kwenye viambatisho vikiwa na namba. Mwalimu akiuliza "umejuaje?", umwonyeshe namba ya kiambatisho.